Jedwali la wavuti ndani ya lahajedwali: kulivuta na kulihuisha

Kuvuta jedwali la wavuti ni kuifanya lahajedwali iende yenyewe kwenye ukurasa fulani wa tovuti, isome jedwali lililoandikwa pale, na kulimwaga katika seli zake bila mtu kunakili. Kulihuisha ni kuhakikisha kwamba ukurasa ule ukibadilika, seli nazo zinabadilika. Programu kadhaa kubwa za lahajedwali zina njia ya kufanya hivyo. Makala hii inafuata njia ya Google Sheets na fomula yake ya IMPORTHTML, kwa mfano mmoja: msimamo wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara kama unavyoandikwa katika Wikipedia ya Kiingereza. Msimamo wa ligi unafaa kwa somo hili kwa sababu hubadilika karibu kila wiki, mpangilio wa timu hupanda na kushuka, na hesabu zake zina namna ya kujikagua zenyewe.

Fomula na sehemu zake

Fomula ya IMPORTHTML inadai mambo matatu. La kwanza ni anwani ya ukurasa, ikianza na https. La pili ni aina ya kitu kinachotakiwa, yaani "table" kwa jedwali au "list" kwa orodha. La tatu ni namba ya jedwali hilo katika ukurasa, kuhesabu kuanzia 1. Majedwali na orodha huhesabiwa mbalimbali, kwa hiyo jedwali la 3 na orodha ya 3 ni vitu viwili visivyohusiana. Kuna pia sehemu ya nne isiyo ya lazima, inayoeleza namba na tarehe zisomwe kwa desturi ya nchi gani. Ikiachwa, lahajedwali hutumia mpangilio wa faili lenyewe.

Katika mfano wetu, ni vizuri kuwa na laha iitwayo Mipangilio. Seli B1 ibebe anwani ya ukurasa, na B2 ibebe namba ya jedwali. Kisha kwenye laha nyingine iitwayo Ghafi, katika seli A1, andika:

```
=IMPORTHTML(Mipangilio!B1,"table",Mipangilio!B2)
```

Mara ya kwanza Google Sheets huomba ruhusa ya kuwasiliana na tovuti ya nje. Ukikubali, neno Loading hukaa kwa muda mfupi kisha jedwali hujimwaga kuanzia A1 kwenda kulia na chini. Seli zote zilizojaa zinatokana na fomula ile moja iliyoko A1. Ukiandika chochote juu ya mojawapo, jedwali zima hutoweka na A1 huonyesha #REF!, kwa maana lahajedwali haikubali kufuta maandishi yako ili kupata nafasi. Ukifuta ulichoandika, jedwali linarudi.

Anwani ya msimu wa 2024–25 ina kikwazo kidogo. Mstari ulio kati ya miaka hiyo miwili katika jina la makala ni mrefu kuliko kistari cha kwenye kibodi, na mtu akiuandika kwa kistari cha kawaida anaweza asifike alikokusudia. Dawa yake ni kunakili anwani kutoka kwenye kivinjari badala ya kuiandika kwa mkono. Itatoka hivi:

```
https://en.wikipedia.org/wiki/2024%E2%80%9325_Tanzanian_Premier_League
```

Kuijua namba ya jedwali

Jicho la msomaji na jicho la fomula hayahesabu sawa. Kisanduku cha muhtasari kilicho upande wa kulia wa makala za Wikipedia, chenye nembo na jina la bingwa, nacho kwa kawaida ni jedwali, na mara nyingi ndicho namba 1. Jedwali la timu na viwanja vyao huja baadaye, pengine na la makocha, ndipo msimamo wenyewe ufuate. Njia ya mkato ni kujaribu 1, 2, 3 na kuendelea hadi uone vichwa vya Pos, Team, Pld, W, D, L, GF, GA, GD na Pts. Katika ukurasa wenye majedwali mengi, fungua kivinjari, bonyeza F12, nenda Console, ubandike mstari huu:

```
[...document.querySelectorAll('table')].forEach((t,i)=>console.log(i+1,t.innerText.slice(0,40)))
```

Utaorodheshewa majedwali yote kwa namba zake pamoja na maneno ya mwanzo ya kila moja.

Namba hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika kazi hii. Mhariri mmoja wa Wikipedia akiongeza jedwali la viwanja juu ya msimamo, msimamo uliokuwa wa 3 unakuwa wa 4, na fomula yako italeta viwanja bila kulalamika. Haitatoa kosa lolote, kwa sababu imeambiwa ilete jedwali la 3 na jedwali la 3 lipo. Wapo wanaokwepa hatari hii kwa kutumia IMPORTXML, ambayo huchagua jedwali kwa maneno yaliyomo ndani yake badala ya namba. Hiyo inahitaji kujifunza lugha ya XPath. Kwa mtu anayeanza, naona ni afadhali abaki na namba lakini aweke mlinzi, kama tutakavyoona.

Kile ambacho fomula haiwezi kukiona

Watu wengi hukata tamaa hapa wakidhani wamekosea kuandika. Wanaliona jedwali kwenye kioo, lakini fomula inasema #N/A na maelezo kwamba kilicholetwa ni kitupu. Sababu ni kwamba anayekwenda kwenye ukurasa ule ni seva ya Google. Kivinjari chako hakihusiki. Seva hiyo husoma maandishi ya HTML yaliyotumwa na tovuti na kuishia hapo. Haiendeshi msimbo wa JavaScript. Tovuti nyingi za matokeo ya mpira na za bei za masoko hutuma ukurasa usio na namba hata moja, kisha msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari ndio huleta namba na kuchora jedwali. Fomula inaona ukumbi mtupu uliokuwapo kabla ya wageni kufika.

Kulitambua hilo ni kazi ya nusu dakika. Fungua ukurasa, bonyeza Ctrl+U ili kuona HTML kama ilivyotumwa, kisha Ctrl+F utafute neno lililomo kwenye jedwali, mathalani Coastal Union. Likiwapo ndani ya alama za table, fomula italipata. Lisipokuwapo, hakuna namba ya jedwali itakayosaidia, na inabidi kutafuta ukurasa mwingine au faili la CSV ambalo tovuti hiyo inalitoa. Usitumie Inspect kwa jaribio hili, kwa kuwa Inspect inaonyesha ukurasa baada ya JavaScript kumaliza kazi, na hivyo itakuambia jedwali lipo.

Kwa sababu hiyohiyo, ukurasa unaohitaji nenosiri hausomeki. Wewe umeingia, lakini seva ya Google haijaingia, na haina namna ya kuazima kitambulisho chako. Tovuti nyingine huzuia makusudi maombi yanayotoka kwenye seva za aina hiyo, na hapo ujumbe husema anwani haikuweza kufikiwa ingawa kwako inafunguka vizuri.

Kusafisha kilicholetwa

Msimamo ukishafika Ghafi, kishawishi ni kuanza kuutumia papo hapo. Subiri kwanza. Angalia safu wima ya I, yaani tofauti ya mabao. Timu za juu zina alama ya kujumlisha na timu za chini zina alama ya kutoa. Ukijumlisha safu hiyo unapata jibu la ajabu, ilhali tofauti za mabao za ligi nzima lazima zifike sifuri. Kilichotokea ni kwamba Wikipedia huandika alama ya kutoa ya wachapaji, ambayo ni herufi tofauti na kistari cha kibodi. Kwa macho zinafanana, lakini lahajedwali haiitambui kama alama ya hesabu, hivyo −12 inabaki kuwa maandishi na SUM inairuka. Dalili inaonekana bila kupiga hesabu yoyote: namba halisi hukaa upande wa kulia wa seli, na maandishi hukaa kushoto.

Tiba yake iandikwe katika laha ya tatu, iitwe Safi, ambamo kila safu inachukuliwa kutoka Ghafi ikiwa imerekebishwa. Kwa safu ya tofauti ya mabao:

```
=ARRAYFORMULA(VALUE(SUBSTITUTE(Ghafi!I2:I17,"−","-")))
```

Alama ya kwanza ndani ya SUBSTITUTE inakiliwe kutoka kwenye seli iliyoletwa, wala isiandikwe kwa kibodi. Safu zinaishia 17 kwa kuwa ligi hii ina timu 16 na mstari mmoja wa vichwa.

Majina ya timu nayo yana jambo lake. Msimu unapokaribia kwisha, wahariri huongeza mabano baada ya jina, kama (C) kwa bingwa na (R) kwa aliyeshuka daraja. Fomula inayotafuta "Simba" au "Young Africans" kwa jina kamili, na ambayo imefanya kazi miezi yote, inaanza kushindwa katika wiki zilezile ambazo kila mtu anataka kuuona msimamo. Kwa hiyo mabano yaondolewe tangu mwanzo, hata kama hayajaonekana bado:

```
=ARRAYFORMULA(TRIM(REGEXREPLACE(Ghafi!B2:B17,"\(.*\)","")))
```

Safu zilizobaki, yaani Pos na zile za Pld hadi Pts, kwa kawaida huja kama namba na zinaweza kuletwa kama zilivyo. Zichukuliwe hadi J tu. Safu ya K, inayoeleza nani anakwenda mashindano ya Afrika na nani anashuka, kwenye ukurasa imeunganishwa kwa timu kadhaa kwa pamoja, na seli iliyounganishwa haiwezi kuaminiwa ikishapangwa mstari kwa mstari.

Mlinzi

Kila bao linalofungwa na timu moja limefungwa dhidi ya nyingine. Kwa hiyo jumla ya safu ya GF lazima ilingane na jumla ya safu ya GA. Kama jedwali limeletwa nusu, au kama namba moja imegeuka maandishi, ulinganifu huo unavunjika. Katika Mipangilio, seli B3, iandikwe hivi:

```
=IF(AND(COUNT(Ghafi!G2:G17)=16,SUM(Ghafi!G2:G17)=SUM(Ghafi!H2:H17)),"Sawa","Kagua")
```

Sharti la COUNT lina sababu yake. Jedwali likishindwa kuja kabisa, au namba ya jedwali ikihama na sasa tunasoma viwanja, jumla zote mbili ni sifuri, na sifuri ni sawa na sifuri. Bila kuhesabu kwamba namba ziko 16, mlinzi angesema mambo ni shwari huku nyumba ikiwa tupu. Mara chache sana neno Kagua litaonekana kwa kosa la ukurasa wenyewe, kwa mfano mhariri akiingiza matokeo ya timu ya nyumbani akasahau ya mgeni. Hilo nalo ni vizuri kulijua kabla ya kulitumia jedwali.

Jedwali la aina nyingine halitakuwa na sheria ya mabao, lakini mara nyingi lina sheria fulani: mikoa lazima ifike jumla ya taifa, asilimia lazima zikaribie 100, tarehe zisirudi nyuma. Anayevuta jedwali aitafute sheria hiyo kwanza.

Kuhuisha

Kwa mujibu wa maelezo ya Google, IMPORTHTML huangalia mabadiliko kila baada ya saa moja wakati faili liko wazi. Watumiaji wengi hubonyeza kitufe cha kupakia upya kivinjari wakidhani wamehuisha. Kufungua faili au kulipakia upya hakulazimishi fomula iende tena kwenye tovuti. Kinachoilazimisha ni kuifuta fomula na kuiandika tena, au kuibadilisha anwani yake.

Wengine hujaribu kuifunga fomula kwenye NOW() ili ijihuishe kila dakika. Google Sheets inakataa: fomula za kuleta data haziruhusiwi kutegemea NOW, RAND wala RANDBETWEEN, hata kwa kupitia seli nyingine. TODAY inaruhusiwa kwa kuwa hubadilika mara moja tu kwa siku. Katazo hilo ni la haki, maana kila kuhuisha ni ombi linalopokelewa na seva ya mtu mwingine. Hata bila NOW, faili lenye fomula nyingi za namna hii huanza kuonyesha ujumbe kwamba maombi ni mengi na data itachelewa. Hapo punguza fomula: vuta jedwali zima mara moja katika Ghafi, na laha nyingine zote zisome Ghafi.

Ikumbukwe pia kwamba kuhuisha kunaleta kile kilichopo kwenye ukurasa, na ukurasa wa Wikipedia unaandikwa na watu wanaojitolea. Mechi ikiisha saa tatu usiku, msimamo unaweza kubadilishwa baada ya dakika kumi au asubuhi ya kesho yake. Chini ya msimamo kwa kawaida kuna mstari unaotaja mechi za mwisho zilizohesabiwa ni za tarehe gani, lakini mstari huo uko nje ya jedwali na fomula haiuleti. Njia nyepesi ya kupima upya wa data ni kujumlisha safu ya Pld: ikiwa jumla haijabadilika tangu jana na jana zilichezwa mechi, ukurasa bado haujaguswa.

Kwa anayetaka kazi ifanyike faili likiwa limefungwa, kuna skripti. Katika menyu ya Extensions fungua Apps Script na uandike:

```
function vutaUpya() {
  const s = SpreadsheetApp.getActive().getSheetByName('Ghafi').getRange('A1');
  s.clearContent();
  SpreadsheetApp.flush();
  s.setFormula('=IMPORTHTML(Mipangilio!B1,"table",Mipangilio!B2)');
}
```

Kisha kwenye alama ya saa, iliyoandikwa Triggers, iamuru iendeshwe kila siku kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, ambayo kwenye kioo huandikwa 4am to 5am. Hakikisha kwanza kwamba ukanda wa saa katika Project Settings ni wa Afrika Mashariki, la sivyo alfajiri yako itakuwa ya nchi nyingine.

Maelezo ya pembeni na kumbukumbu

Hasara kubwa kuliko zote katika kazi hii inatokea kimyakimya, na huwapata watu makini. Mtu anavuta msimamo, kisha katika safu ya L, nje ya jedwali, anaandika kwa mkono maelezo ya kila timu: kocha amebadilishwa, mshambuliaji ni majeruhi. Wiki inayofuata Coastal Union inapanda nafasi mbili. Jedwali linajipanga upya, lakini maelezo yaliyoandikwa kwa mkono hayasogei. Sasa jeraha la mshambuliaji wa Coastal Union limesimama mbele ya Namungo, na hakuna rangi nyekundu popote ya kuonyesha kosa. Kwa hiyo maelezo ya mtu yakae katika laha yake, jina la timu katika safu ya kwanza, na namba za msimamo zivutwe kwa jina:

```
=XLOOKUP(A2,Safi!B$2:B$17,Safi!J$2:J$17,"Haipo")
```

Jambo la pili ni kwamba kuhuisha kunafuta. Msimamo wa leo unakaa palepale ulipokuwa wa jana, na wa jana haupo tena. Anayetaka kujua timu yake ilikuwa ya ngapi mwezi Desemba lazima awe amehifadhi mwezi Desemba. Skripti ya pili inafanya hivyo, na inamsikiliza mlinzi kabla ya kuandika:

```
function hifadhi() {
  const ss = SpreadsheetApp.getActive();
  if (ss.getRange('Mipangilio!B3').getValue() !== 'Sawa') return;
  const d = ss.getSheetByName('Safi').getRange('A2:J17').getValues();
  const m = d.map(r => [new Date(), ...r]);
  const k = ss.getSheetByName('Kumbukumbu');
  k.getRange(k.getLastRow() + 1, 1, m.length, 11).setValues(m);
}
```

Hii iendeshwe kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, ili fomula iliyoandikwa alfajiri iwe imekwisha kupata jibu. Siku ambayo jedwali limeharibika, Kumbukumbu inabaki bila mistari ya siku hiyo, na pengo ni rahisi kulivumilia kuliko namba za uongo. Kila siku huongeza mistari 16 yenye seli 11, yaani seli 176. Kwa ukomo wa seli milioni 10 wa Google Sheets, hakuna haja ya kuhofia nafasi.

Excel na LibreOffice

Katika Excel ya Windows njia ni Data, kisha From Web. Dirisha la Navigator huonyesha majedwali yaliyopatikana pamoja na sura ya kila moja, na usafishaji hufanywa katika Power Query, ambayo hukumbuka kila hatua na kuirudia kila inapohuisha. Katika sifa za muunganisho unaweza kuamuru ihuishe kila baada ya dakika kadhaa au kila faili linapofunguliwa. Tofauti yake nzuri na Google Sheets ni kwamba safu iliyotajwa katika hatua mojawapo ikibadilishwa jina kwenye ukurasa, Excel husimama na kusema safu hiyo haikupatikana, badala ya kuendelea na kitu kingine. Katika LibreOffice Calc, menyu ya Sheet ina External Links, ambapo unaweka anwani, unachagua jedwali na muda wa kuhuisha kwa sekunde.

Msimu mpya

Kila msimu una ukurasa wake katika Wikipedia. Ligi ikianza upya, ukurasa wa msimu uliopita unabaki mahali pake ukiwa kamili, mabao ya GF na GA yanalingana, mlinzi anasema Sawa, na Kumbukumbu inaendelea kujaza kila asubuhi msimamo uliokwisha. Sharti la ziada linatosha kuligundua hilo: katika ligi ya timu 16 zinazokutana nyumbani na ugenini, kila timu hucheza mechi 30, kwa hiyo jumla ya safu ya Pld ikifika 480 msimu umefungwa. Hapo badilisha anwani katika B1, uihesabu upya namba ya jedwali katika B2, ukague majina ya timu zilizopanda daraja, na uipe Kumbukumbu laha mpya yenye jina la msimu.